Majaji wawili kati ya watatu waliiweka kwaya moja ya kwanza, na bado ikatoka ya tatu. Tulikosea wapi?

KatibuWaMeza

Habari zenu wakuu. Naomba wenye uzoefu wa kusimamia mashindano ya kwaya na ngoma wanisaidie jambo ambalo limenikaa kichwani kwa wiki mbili sasa.

Mimi si jaji. Nilikuwa katibu wa meza ya majaji kwenye shindano la kwaya tisa: nakusanya karatasi, najumlisha, nampelekea mwenyekiti. Majaji walikuwa watatu. Alama ni 100: usahihi 30, upatano wa sauti 30, mavazi 15, mguso kwa hadhira 25. Unajumlisha alama za majaji wote watatu, mwenye nyingi ndiye mshindi. Utaratibu huo ulisomwa mbele ya walimu wote wa kwaya kabla hatujaanza na hakuna aliyeupinga.

Kwaya nazitaja kwa namba zao za kupanda jukwaani. Tatu za juu zilipata hivi:

Namba 2: jaji wa kwanza 84, wa pili 81, wa tatu 62. Jumla 227.
Namba 5: 82, 78, 88. Jumla 248.
Namba 7: 79, 80, 70. Jumla 229.

Namba 5 ikatangazwa ya kwanza, Namba 7 ya pili, Namba 2 ya tatu. Hesabu niliirudia mara nne, haina kosa. Lakini tazameni tena: jaji wa kwanza na wa pili, wote wawili, Namba 2 ndiyo waliyoipa alama nyingi kuliko kwaya zote tisa. Mwalimu wao alikuja mezani, akaomba kuona karatasi, akazisoma taratibu, akanirudishia bila neno. Afadhali angefoka.

Matokeo hayabadilishwi, na sitaki yabadilishwe. Nataka kujua kosa liko wapi ili mwakani nisisimamie kitu kilekile.

Zumari77

Mkuu, hili lisikuumize kichwa. Jaji akienda mbali na wenzake, kwa kila kwaya unakata alama ya juu kabisa na ya chini kabisa, unabaki na ya katikati. Jaji wa tatu hata kama ana watu wake, hana nguvu tena. Ungefanya hivyo Namba 2 ingepata haki yake.

KatibuWaMeza

Nilijaribu, mkuu. Namba 2 ina 84, 81 na 62. Ukikata inabaki 81. Namba 5 ina 82, 78 na 88, inabaki 82. Namba 5 inashinda tena, sasa kwa alama moja.

Na jaji wa tatu hana watu wake. Nilikaa naye siku nzima, hakuna kwaya hata moja anayofahamiana nayo. Ni mtu anayetumia karatasi yote, kuanzia chini hadi juu. Aliyemfurahisha anampa, aliyemchosha hampi.

Zumari77

Hapo umenishika, na neno la "watu wake" nalifuta. Mimi nilishuhudia utaratibu huo kwenye meza ya majaji saba, ulikwenda vizuri sana.

HesabuZaUsiku

Ulikwenda vizuri kwa sababu walikuwa saba. Ukikata wawili kati ya saba, wanabaki watano wanaosawazishana. Ukikata wawili kati ya watatu anabaki mmoja, tena si yuleyule kwa kila kwaya. Angalia: ile 81 ya Namba 2 imetoka kwa jaji wa pili, ile 82 ya Namba 5 imetoka kwa jaji wa kwanza. Unalinganisha kalamu za watu wawili tofauti, na jaji wa pili ana mkono mgumu kidogo kuliko wa kwanza. Hiyo alama moja ni tofauti ya mikono, si ya kwaya.

Mleta uzi, jumla peke yake haisemi mengi. Tuwekee alama kwa vipengele.

KatibuWaMeza

Haya. Mpangilio ni usahihi, upatano, mavazi, mguso.

Jaji wa kwanza
Namba 2: 27, 27, 11, 19
Namba 5: 25, 25, 12, 20
Namba 7: 24, 24, 12, 19

Jaji wa pili
Namba 2: 26, 26, 11, 18
Namba 5: 24, 23, 12, 19
Namba 7: 25, 25, 11, 19

Jaji wa tatu
Namba 2: 26, 25, 5, 6
Namba 5: 26, 24, 14, 24
Namba 7: 23, 22, 11, 14

MpendaKwaya_5

Samahani ndugu, mimi nilikuwepo ukumbini siku ile na Namba 5 walistahili. Watu walisimama kwenye viti. Kwa nini kila kwaya ikishinda lazima zitafutwe hesabu za kuipokonya? Wale vijana walifanya mazoezi kama wengine.

KatibuWaMeza

Hakuna anayewapokonya, ndugu yangu. Kombe wanalo na litabaki kwao. Hata jaji wa tatu simlaumu. Swali langu ni la karatasi na jinsi tunavyoijumlisha.

HesabuZaUsiku

Sasa picha imejitokeza. Jumlisha usahihi na upatano peke yake kwa majaji wote watatu. Namba 2 ina 157, Namba 5 ina 147, Namba 7 ina 143. Kwa kuimba, Namba 2 inaongoza kwa alama kumi, na hata jaji wa tatu anakubali: kwake ni 51 kwa 50.

Halafu jumlisha mavazi na mguso. Namba 2 ina 70, Namba 5 ina 101, Namba 7 ina 86. Pengo la Namba 5 na Namba 2 hapo ni 31.

Mlipoandika karatasi mlikubaliana kwamba kuimba kuna uzito wa 60 na mavazi na mguso 40. Karatasi ilisema hivyo, kalamu hazikusema hivyo. Kwenye usahihi, karatasi zote tisa ziko kati ya 23 na 27. Kipengele cha alama 30 kimetumika kwa hatua tano tu. Kwenye mguso alama zimetoka 6 hadi 24. Kipengele ambacho kila mtu anapewa alama zinazofanana hakiamui chochote, hata ukikiandikia 30 au 50, kwa sababu kinampandisha kila mmoja kwa kiasi kilekile. Kinachoamua ni pale alama zinapoachana.

Na kwa majaji ni hivyohivyo. Kati ya kwaya hizi tatu, jaji wa kwanza ana pengo la alama 5 kutoka ya juu hadi ya chini, wa pili ana 3, wa tatu ana 26. Kwenye kujumlisha, huyo mmoja ana sauti kuliko wenzake wawili wakiunganika. Hakuipora. Wenzake walimwachia kwa kuogopa kuachanisha alama.

KatibuWaMeza

Sentensi ya mwisho imeniingia. Jaji wa pili aliniambia wakati wa chai, "kwenye kuimba siwezi kumpa mtu chini ya 20, watajisikia vibaya." Nikaona ni ubinadamu. Sikujua kwamba kwa kufanya hivyo anaondoa kuimba kwenye shindano la kuimba.

MwalimuWaSolfa

Nimefuata uzi huu kimyakimya, ila hizo karatasi zimenitoa. Mimi nafundisha kwaya na nimekaa upande wa majaji mara kadhaa. Someni safu mbili za kwanza pamoja: 27 na 27, 26 na 26, 26 na 25. Halafu 25 na 25, 24 na 23, 26 na 24. Halafu 24 na 24, 25 na 25, 23 na 22. Usahihi na upatano vinakwenda kama mapacha kwenye kila karatasi. Majaji wenu hawakuhukumu vitu viwili. Walisikia "wanaimba vizuri" au "wanaimba vizuri kidogo", wakaandika mara mbili.

Vitu hivi vinaweza kwenda kinyume kabisa. Namba 7 waliimba bila kinanda? Na je, mmoja wa majaji aliandika maneno yoyote pembeni?

KatibuWaMeza

Ndiyo, bila ala yoyote. Jaji wa tatu aliandika "wanashuka". Wa kwanza aliandika "wamechoka mwishoni". Wa pili hakuandika kitu. Rekodi ninayo.

MwalimuWaSolfa

Basi fanya hivi, utaona mwenyewe. Wimbo wao kama unaanza na kumalizika kwenye do ileile, cheza mwanzo, simamisha, uishike hiyo do kwa kuivumisha mdomoni, halafu ruka moja kwa moja hadi sauti ya mwisho. Usisikilize katikati, kwa sababu sikio linashuka pamoja na kwaya na halitakuambia. Kama una ile programu ya simu ya kupimia sauti za gitaa, ni rahisi zaidi. Tafuta la moja mwanzoni na la ileile mwishoni. Ikianza kwenye 440 ikaishia 415, wameshuka nusu toni nzima.

KatibuWaMeza

Nimefanya. Mwanzo ilikuwa 440 na kitu kidogo. Mwisho inacheza kati ya 415 na 420. Mwalimu, nilikuwa ukumbini na sikusikia chochote.

MwalimuWaSolfa

Hukusikia kwa sababu walishuka wote pamoja. Sasa rudia sauti ile ya mwisho peke yake. Inakwaruza au imetulia?

KatibuWaMeza

Imetulia. Nzuri sana, besi na soprano zimekaa kama sauti moja.

MwalimuWaSolfa

Hapo ndipo ilipo kazi ya jaji. Namba 7 walikosa usahihi: walipewa sehemu ya kusimama wakahama. Lakini upatano hawakuukosa. Kila sauti iliendelea kuisikiliza jirani yake, na ndiyo maana waliteremka pamoja kama watu walioshikana mikono kwenye ngazi. Mimi ningewapa usahihi 20, upatano 27. Jumla inatoka 47, karibu sawa na 48 ya jaji wa kwanza, kwa hiyo nafasi yao isingebadilika. Ila mwalimu wao angeondoka na karatasi inayomwambia ugonjwa ulipo. Sasa ameondoka na 24 na 24, ambazo zinamwambia aende akaongeze bidii kila mahali.

Kinyume chake kipo pia. Kuna kwaya inayomaliza pale ilipoanzia bila kuhama hata unywele, lakini sauti ya pili inaimba mi yake chini kidogo wimbo mzima. Hao usahihi wanao, upatano hawana, na sikio linachoka bila kujua kwa nini.

Kushuka nako kuna mahali pake. Si kila wakati ni uchovu. Mara nyingi hutokea wanapovuta pumzi: wanaingia tena chini kidogo ya pale walipoachia. Au ni nota moja inayorudiwa mara nyingi, so, so, so, so, kila moja inalegea kidogo kuliko iliyotangulia. Au ni ti isiyofika kwenye do. Jaji mwenye sikio la kazi huandika ubeti na mahali. "Wamechoka mwishoni" hakumsaidii mtu.

DadaNjuga

Naombeni nafasi kwenye mavazi, maana naona mmeyapita haraka na yamekula alama za watu. Mimi si wa kwaya, nacheza ngoma na kikundi cha kina mama.

Sisi tulishawahi kukatwa alama kwenye mavazi kwa sababu mwenzetu mmoja alidondosha kilemba katikati ya mchezo. Kilemba kilianguka, yeye akaendelea, hakuna aliyekosea hatua. Tukapewa mavazi alama za chini kuliko kikundi kilichovaa njuga zilizolegea. Njuga ikilegea mguuni haigongi pamoja na mguu. Mguu unatua, halafu njuga inasema baadaye, mara mbili. Wachezaji kumi na wawili wakiwa hivyo, unasikia ngoma inakwaruza kama kokoto kwenye debe. Jaji wa mavazi alikuwa anatazama rangi. Wa usahihi akafikiri wanachelewa miguu, kumbe miguu ilikuwa sawa na kamba ndizo mbovu.

Ndiyo maana nasema vazi la ngoma lisikilizwe pia. Na kwenye kwaya, hebu tuambie Namba 2 walivaa nini hadi wakapewa 5?

KatibuWaMeza

Pole kwa kilemba, dada. Namba 2 walivaa magauni na mashati ya kijani. Jaji wa tatu aliandika "kijani mbili". Nilimuuliza mwalimu wao baadaye: kitambaa kiliwaishia, wakaongeza kutoka jora jingine la kiwanda kilekile, likatoka limekolea kidogo. Sauti ya tatu yote ilikuwa na kijani iliyokolea. Jaji wa kwanza na wa pili walikaa katikati mbali na taa, wakaona kijani moja. Wa tatu alikaa pembeni, taa ya jukwaa ikiwapiga kwa ubavu, akaona mbili. Nilikwenda kukaa kwenye kiti chake baada ya ukumbi kuisha watu. Inaonekana wazi.

DadaNjuga

Basi hakudanganya macho yake. Lakini 5 kwa 15 kwa ajili ya kitambaa? Vazi liliwazuia kupumua? Lilimfanya mtu avute mkono wa shati akiimba? Kama hapana, hiyo ni kasoro ya alama mbili, si kumi.

MpendaKwaya_5

Dada, hapo mimi sikubaliani. Sare ni sare. Kama hazifanani basi si sare. Namba 5 walijinyima wakashona zote mara moja.

DadaNjuga

Mdogo wangu, sikatai wapate zaidi. Nasema pengo lilingane na kosa. Wapeni wenzenu 11 na ninyi 14, mmewazidi na inaonekana.

JajiMkongwe

Shikamooni wakubwa, na wengine hamjambo. Nimehukumu ngoma na kwaya miaka mingi na nimefanya makosa yote yanayotajwa hapa, kwa hiyo niruhusuni niseme kwenye mguso, maana ndiko kulikozama ile 6.

Katibu, jaji wa tatu aliandika nini pale kwenye 6?

KatibuWaMeza

Shikamoo mzee. Aliandika "watu hawakushangilia". Jaji wa kwanza kwa wimbo uleule aliandika "ukumbi umetulia kabisa", akatoa 19.

JajiMkongwe

Marahaba. Nilijua. Watu wawili wameona jambo moja, mmoja kaliita kushindwa, mwingine kaliita kushinda. Karatasi yenu ilisema "mguso kwa hadhira" bila kumwambia jaji atazame nini, basi kila mmoja kajitafutia.

Mimi nilikuwa nikihesabu makofi hadi siku moja nilipogundua kwamba kwaya zinakuja na watu wao. Basi likijaa mashabiki, limebeba alama. Tangu hapo natazama watu wa kwaya nyingine, wale wanaosubiri zamu yao pembeni. Hao wana kazi ya kurekebisha nguo zao na kukumbushana maneno. Wakiacha na kugeuka kutazama jukwaa, huo ni mguso, na haununuliwi.

Jambo la pili natazama ni kwaya inaposhusha sauti. Kwenye sehemu ya chini kabisa ya wimbo, je, ukumbi unashuka nayo? Watu huwa wanakohoa, wanavuta viti, wanaongea. Wakinyamaza wenyewe, wameshikwa. La tatu ni baada ya sauti ya mwisho. Kama wimbo ulikuwa wa huzuni na makofi yakaja papo hapo, mara nyingi watu hawakuwa ndani ya wimbo, walikuwa wanasubiri uishe. Ukipita muda wa pumzi moja au mbili kabla ya kofi la kwanza, basi walikuwa ndani.

Na wimbo wa kuchangamsha una haki ya kelele zake. Namba 5 kama waliwasimamisha watu, nao wapewe. Nisichokubali ni kupima kilio kwa kipimo cha harusi.

KatibuWaMeza

Nimerudi kwenye rekodi ya Namba 2. Baada ya sauti ya mwisho kuna kimya. Nimekihesabu, sekunde nne. Halafu makofi yanaanza sehemu moja, yanasambaa.

MwalimuWaSolfa

Sekunde nne ukumbini ni nyingi. Na hao ndio waliopata 6.

MpendaKwaya_5

Nakumbuka hicho kimya. Mimi mwenyewe sikupiga makofi mapema, nilidhani bado wanaendelea.

JajiMkongwe

Na hilo nalo linawezekana, asante kwa kulisema. Kimya kingine ni cha watu wasiojua kama wimbo umeisha. Kwenye rekodi huwezi kuvitofautisha. Ukumbini unaweza: mtu asiyejua anageuka kumtazama jirani yake, aliyeshikwa hageuki. Ndiyo maana mguso hauhukumiwi kwa rekodi, na jaji anayeandika kichwa chini wakati wimbo unaisha amepoteza nusu ya alama zake.

Neno moja jingine. Namba 2 walipanda mapema. Jaji kwaya ya kwanza na ya pili huwa anawawekea akiba, hataki kutoa 28 mapema halafu akose pa kumweka atakayekuja baadaye. Sisi tulikuwa tunaomba kwaya isiyoshindana iimbe kwanza, tunaihukumu wote, halafu tunalinganisha karatasi kwa sauti. Hapo unamgundua mwenye mkono mgumu na mwenye mkono mwepesi, na mnakubaliana 20 inafananaje kabla ya mashindano.

Zumari77

Nimekuja na wazo jingine. Acheni alama. Kila jaji apange nafasi tu: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Unajumlisha nafasi, mwenye jumla ndogo anashinda. Nimepiga: Namba 2 ina 1, 1 na 3, jumla 5. Namba 5 ina 2, 3 na 1, jumla 6. Namba 7 ina 3, 2 na 2, jumla 7. Namba 2 inashinda, na jaji mwenye kalamu ndefu hana faida.

HesabuZaUsiku

Umekaribia sana, mkuu. Ila hapo umepanga kwaya tatu, na zilikuwa tisa. Katibu, kwenye tisa, jaji wa tatu aliiweka Namba 2 ya ngapi?

KatibuWaMeza

Ya tano. Kuna kwaya mbili alizipa kati ya 63 na 69. Kwa majaji wengine wawili hizo ziko chini sana. Namba 5 na 7 nafasi zao hazibadiliki.

HesabuZaUsiku

Basi Namba 2 inakuwa 1, 1 na 5, jumla 7. Namba 5 inabaki 6. Namba 5 inashinda tena. Yaani kwaya mbili ambazo hazikuwa na nafasi ya kushinda, kwa kuwepo tu, zimeamua nani awe wa kwanza. Zisingekuja siku ile, kombe lingekwenda kwingine.

Mashindano ya dansi za ukumbini yanalikwepa hili kwa njia nyingine. Hawajumlishi nafasi. Wanauliza kwanza, nani amewekwa wa kwanza na zaidi ya nusu ya majaji? Akipatikana, ameshinda, hata kama jaji mmoja kamweka wa mwisho. Asipopatikana, wanatazama nani amewekwa wa pili au juu zaidi na wengi, na kuendelea. Kwa njia hiyo Namba 2 ni ya kwanza, kwa majaji wawili kati ya watatu. Na ndiyo maana majaji huwa ni idadi isiyogawanyika kwa mbili.

JajiMkongwe

Njia hiyo naifahamu na ina heshima yake, lakini mimi inanipa shida moja. Kama majaji wawili wameona tofauti ndogo kama unywele, na wa tatu ameona tofauti kubwa ambayo ni ya kweli, unamnyamazisha yule aliyeona. Leo mnasema jaji wa tatu alizidisha. Siku nyingine anaweza kuwa peke yake aliyesikia kwamba wanaimba juu ya sauti iliyorekodiwa.

HesabuZaUsiku

Ni kweli, mzee. Hilo sina dawa yake.

MwalimuWaSolfa

Mimi dawa yangu si ya kwenye hesabu. Kama majaji wangelazimika kutumia 12 hadi 29 kwenye usahihi na wakaandika sababu, kujumlisha kwa kawaida kungetosha. Namba 7 na 20 yao ya kushuka nusu toni, hiyo ndiyo kazi.

HesabuZaUsiku

Kungetosha kama wote wangefanya hivyo kwa kiasi kinachofanana. Mmoja tu akirudi kwenye 24, 25, 26, umerudi ulipoanzia. Mimi bado naenda na wingi wa majaji.

KatibuWaMeza

Wakuu, nimewapigia majaji wote watatu jana jioni, mmojammoja, nikawasomea uzi huu. Wa pili alinyamaza kidogo, akasema mwakani atatoa hata 15 na ataandika kwa nini. Wa tatu aliniuliza swali moja tu: "Hizo sekunde nne, una hakika?" Nikamtumia rekodi.

Kwenye kikao cha maandalizi nitapeleka mambo haya: kwaya ya kupimia mikono kabla ya shindano, usahihi na upatano viwe kwenye karatasi mbili tofauti, zijazwe kwa nyakati mbili, na mguso uandikwe kile jaji alichokiona kabla ya kuweka alama. Viti vya majaji vitakuwa pamoja, na kabla ya siku yenyewe tutawasha taa tuwakague kwaya wakiwa na mavazi. Mavazi nitaomba yashuke hadi 10, ingawa najua watakaopinga. Kuhusu kujumlisha au wingi wa majaji, nitaweka zote mbili mezani na walimu wa kwaya wachague kabla hatujajua nani anaimba nini.

DadaNjuga

Na kamba za njuga, kama mtaalika ngoma. Mtu azivute kwa mkono kabla kikundi hakijapanda.

KatibuWaMeza

Nimeandika, dada.